Jua Moja, Usiku wa Namna Mbili

Chukua ramani ya Tanzania, weka rula juu ya Mji wa Unguja, kisha chora mstari kuelekea magharibi bila kupanda wala kushuka. Mstari huo utavuka bahari, utaingia bara karibu na Saadani, utapita jirani na Gairo na Kongwa, na baada ya kilomita 380 hivi utafika Dodoma. Miji hii miwili iko kwenye latitudo moja, digrii 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta. Jua linaloipiga Dodoma adhuhuri ni lile lile, kwa pembe ile ile, lililoipiga Unguja dakika 14 kabla.

Sasa tazama jua hilo moja linafanya nini mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe. Unguja, alasiri hufikia kama nyuzi 28. Dodoma hufikia kama 26. Hapo hakuna la kushangaza. Lakini subiri hadi alfajiri. Unguja halijoto hushuka hadi 21 au 22 na kuishia hapo. Dodoma hushuka hadi 13, na kuna usiku hushuka zaidi ya hapo. Ukitoa kiwango cha chini kutoka kile cha juu unapata kile ambacho wataalamu wa hali ya hewa hukiita tofauti ya halijoto ya siku: Unguja ni nyuzi 6 au 7, Dodoma ni 13. Huko Dodoma umbali kati ya alasiri na alfajiri ni mrefu kuliko umbali kati ya mwezi wenye joto kuliko yote, Novemba, na ule wa baridi kuliko yote, Julai, ambao kwa wastani hauzidi sana nyuzi 5. Mtu wa Dodoma hupitia majira ya mwaka mzima ndani ya saa kumi na mbili, kila siku, kisha huyarudia kesho yake.

Watumishi wa serikali walipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi, baada ya tangazo la mwaka 2016, wengi walitoka Dar es Salaam na nguo za Dar es Salaam. Mimi nami nilikuja kutoka pwani, na nilidhani nimeelewa: Dodoma iko juu, kwa hiyo ina baridi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila hayajibu swali. Mwinuko hushusha halijoto, kwa kawaida kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, lakini huishusha mchana na usiku pamoja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tuseme tungeweza kuichukua nchi hiyo ya Wagogo, na ukavu wake wote, tukaitua chini usawa wa bahari. Tungeongeza nyuzi 7 hivi kwenye kila kipimo, na Julai yake ingekuwa 33 alasiri na 20 alfajiri. Umeona? Mchana wake ungekuwa mkali kuliko wa Unguja kwa nyuzi 5, na usiku wake baridi kuliko wa Unguja kwa nyuzi moja au mbili. Bara linatanuka pande zote mbili, juu na chini. Mwinuko umetuficha upande wa mchana tu, ndiyo maana tunaona usiku peke yake na kusema Dodoma ni baridi.

Basi swali halisi ni hili: ni nini kinaitanua Dodoma na kuibana Unguja? Jibu ni maji. Ila maji hayo yako mahali patatu, yaani baharini, ardhini na angani, na kila mahali yana kazi yake.

Nianze na hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili hubaki kuwa masimulizi. Nitatumia kipimo ambacho kila nyumba yenye umeme inakijua: uniti, ile ile tunayonunua kwa LUKU. Siku yenye anga safi, kila mita moja ya mraba ya ardhi ya Dodoma hupokea kutoka kwa jua nishati ya kama uniti 5 hadi 6. Hiyo ndiyo mapato. Matumizi hayasubiri usiku, kwa kuwa kila kitu chenye joto, hata mwili wako, hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Ardhi hutoa mionzi hiyo usiku na mchana. Mchana mapato huyashinda matumizi na halijoto hupanda. Ndiyo maana joto halifikii kilele saa sita, jua linapokuwa utosini, bali saa nane au saa tisa alasiri: hadi hapo ardhi bado inapokea zaidi ya inavyotoa. Jua likizama, mapato yanakatika na matumizi yanaendelea usiku kucha, mpaka jua lichomoze tena na kuanza kufidia. Kwa hiyo saa ya baridi kuliko zote haiwi usiku wa manane kama wengi wanavyodhani, ni saa kumi na mbili asubuhi, mara nyingi dakika chache baada ya jua kuonekana.

Usiku mkavu, usio na mawingu, ardhi hupoteza kwenda angani takriban wati 80 kwa kila mita ya mraba, baada ya kutoa kile ambacho anga linakirudisha. Wati 80 kwa saa kumi na mbili ni karibu uniti moja. Uniti moja kwa kila mita ya mraba, kila usiku. Je, hasara hiyo inalipwa kutoka wapi?

Dodoma inalipwa kutoka kwenye mifuko miwili midogo. Wa kwanza ni udongo wa juu. Udongo mkavu haupitishi joto haraka, kwa hiyo joto la mchana huingia sentimita chache tu. Ukichimba sentimita 10 hivi, mpando na mshuko wa joto wa kila siku umebaki theluthi moja ya ule wa juu, na ukifika nusu mita hauuoni kabisa, mchana na usiku ni sawa. Wanaofukia mtungi wa maji ardhini wanalijua hilo bila kuambiwa. Kwa vitendo, ardhi inayoshiriki katika biashara ya siku moja ni kama sentimita 15 tu. Mfuko wa pili ni hewa iliyokaa juu ya ardhi hiyo, tuseme mita 200. Hewa ni nyingi kwa macho lakini ni nyepesi, na nguzo yote ya mita 200 inabeba joto karibu sawa na zile sentimita 15 za udongo mkavu. Ukitoa uniti moja kutoka mifuko yote miwili kwa pamoja, halijoto inashuka nyuzi 9 hivi. Ongeza nyuzi 4 hivi zilizokwisha kushuka kati ya saa tisa alasiri na magharibi, unapata 13. Haya ni makadirio ya mkono, lakini yanatua pale pale kipimajoto kinapotua.

Sasa itoe uniti hiyo hiyo kutoka baharini. Maji yanabeba joto kuliko karibu kila kitu tunachokutana nacho: mita moja ya ujazo ya maji huhifadhi mara tatu au zaidi ya udongo mkavu wa ujazo huo. Na bahari haitumii sentimita 15. Mwanga wa jua hupenya mita nyingi ndani ya maji yale maangavu ya Mkondo wa Unguja, na upepo wa kusi huyakoroga, yaliyopoa juu yakazama na ya chini yakapanda. Tuchukue mita 10 tu. Uniti moja ikitoka katika mita 10 za maji, halijoto inashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja. Mkono wako hauwezi kuhisi. Ndiyo maana mvuvi anayetia mguu majini alfajiri huona maji ni ya vuguvugu: hayajapata joto usiku, ni hewa iliyopoa kumzidi mguuni, na maji yamebaki yalipokuwa jana alasiri. Bahari ya Unguja hubadilika kwa mwaka, kutoka nyuzi kama 25 au 26 wakati wa Agosti hadi karibu 30 mwezi Machi, lakini kwa siku moja haitikisiki. Kisiwa kilichokaa katikati ya kitu kisichotikisika hakiwezi kutikisika sana.

Mchana nao una upande wake wa hesabu. Zile uniti 5 au 6 zikishuka juu ya bahari, sehemu kubwa haipandishi joto kabisa, hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kilo moja ya maji ikitoka kama mvuke huchukua theluthi mbili za uniti. Ardhi ya Dodoma ya Julai haina maji ya kutoa. Mvua yake, ambayo kwa mwaka ni kama milimita 570, karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na ikifika Julai nyasi zimekauka na udongo umekuwa vumbi. Jua linapofika halikuti cha kugeuza mvuke, linabaki na kazi moja: kupasha udongo, na udongo kupasha hewa.

Hapo nimesema bahari na ardhi. Maji ya tatu, yale ya angani, ndiyo ninayoyaona kuwa hayathaminiwi, ingawa ndiyo yanayomgusa mtu kitandani.

Mvuke wa maji hauonekani, lakini kwa mionzi ya joto hewa yenye mvuke si angavu. Huimeza sehemu ya mionzi inayotoka ardhini na kuirudisha chini. Mawingu hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Wati 80 nilizotaja ni za anga kavu la bara. Chini ya anga la pwani, lenye mvuke mwingi, hasara huweza kupungua hadi karibu nusu yake, na chini ya wingu zito la chini huwa ndogo kabisa. Hata hiyo siyo kazi kubwa kuliko zote za mvuke. Kubwa kuliko zote ni kwamba unaweka sakafu.

Kila hewa ina kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo ikifikiwa hewa haiwezi tena kubeba mvuke wake wote, nao unaanza kugeuka maji juu ya majani, mabati na vioo vya magari. Hewa ya Unguja alasiri, yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70, ina kiwango cha umande cha nyuzi 22. Ikipoa usiku hadi 22, umande unaanza kuanguka, na kila gramu moja ya mvuke inayogeuka maji inarudisha lile joto lililotumika kuugeuza mvuke. Gramu moja tu inatosha kupasha mita moja ya ujazo ya hewa nyuzi mbili. Kwa hiyo kuanzia hapo, kila hewa inapotaka kushuka, umande unaisukuma juu. Halijoto inakwama, au inashuka polepole sana. Angalia tena namba ya Unguja: alfajiri ni 21 au 22. Imekaa juu ya sakafu yake.

Hewa ya Dodoma ya kiangazi, tuseme yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, ina sakafu ya nyuzi 13. Inaweza kushuka nyuzi 17 kabla ya umande kuingilia kati. Ukitaka kukisia usiku wa leo utakuwa wa baridi kiasi gani mahali ulipo, na anga ni safi na hakuna upepo, tafuta kiwango cha umande cha jioni. Halijoto ya alfajiri mara nyingi haitakwenda mbali chini yake. Ni kanuni ya zamani ya watabiri wa hali ya hewa, na hadi leo inawafaa.

Mtu anaweza kuniuliza: umejuaje kuwa ni unyevu, si umbali wa kutoka baharini? Dodoma yenyewe inajibu. Mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, mabonde yamejaa mtama na karanga na mawingu yanapita, alasiri hufikia kama nyuzi 29 na alfajiri hushuka hadi 18 na nusu hivi. Tofauti ni 10 au 11 badala ya 13. Bahari haijasogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba udongo umeloa na una kitu cha kutoa kwa jua, hewa imepata mvuke, na sakafu ya umande imepanda. Kisha mvua zikikatika mwezi Mei, tofauti inaanza kutanuka tena usiku baada ya usiku, na ukisikiliza vizuri utasikia watu sokoni wakiulizana bei ya mablanketi.

Umbali nao una neno lake, ila huhesabika kwa upepo kuliko kwa kilomita. Ardhi ikishapata joto kuliko bahari, hewa yake hupanda na ya baharini huingia kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa baharini unaoanza kuvuma kabla ya adhuhuri na kuikata alasiri isipande. Usiku mambo hugeuka, ardhi imepoa, na hewa hushuka taratibu kuelekea baharini. Wavuvi wa ngalawa hutoka na upepo wa bara kabla ya mapambazuko na kurudi na ule wa baharini mchana. Lakini upepo wa usiku ni dhaifu, na ulinzi wa bahari usiku hauendi mbali. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kama kilomita 10 kutoka ufukweni, huwa na alasiri za Julai za nyuzi 29 na alfajiri za 18 hivi. Tofauti ni karibu 11, wakati Unguja, kisiwa, ina 6 au 7. Anayelala Upanga na anayelala Kisarawe wanasikia utabiri mmoja redioni, lakini hawalali katika usiku mmoja. Na pale bara linapokuwa na bahari yake, mambo hurudi kuwa kama pwani: Bukoba, kandokando ya Ziwa Viktoria, iko mbali na Bahari ya Hindi kuliko Dodoma, na bado tofauti yake ya siku huwa kama nyuzi 8 au 9 tu.

Kuna kosa moja ambalo ni la kawaida, nalo ni kudhani kwamba nchi kavu lazima iwe na usiku wa baridi. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, ni kavu kuliko Dodoma. Alasiri zake ni kama nyuzi 35 na alfajiri zake 24. Tofauti ni kubwa, lakini hakuna anayetetemeka. Ukavu hutanua tofauti tu. Tofauti hiyo itaanzia wapi, hilo huamuliwa na mwinuko na majira.

Na kuna vitu viwili vinavyoweza kuharibu hesabu yangu yote katika usiku mmoja. Kimoja ni upepo. Ukivuma usiku kucha, hukoroga hewa iliyopoa chini na ile yenye joto iliyoko juu, na mfuko wa hewa unaolipa deni unakuwa mkubwa, si mita 200 tena bali mara mbili au tatu. Usiku wenye upepo Dodoma haushuki sana, hata kama mwili unasikia baridi zaidi kwa sababu ya kupulizwa. Kingine ni sura ya ardhi. Hewa baridi ni nzito, na usiku mtulivu hutiririka kufuata mteremko kama maji na kutuama bondeni. Wakulima wa Njombe na Makete wanaijua kwa machungu yake: mwezi Juni na Julai sakitu huanguka mabondeni na kuunguza viazi na chai, wakati shamba la juu kidogo mlimani limesalimika. Wengine hushangaa kuona sakitu juu ya nyasi asubuhi ambayo kituo cha hali ya hewa kimesoma nyuzi 3 juu ya sufuri. Kituo hakikukosea. Kipimajoto chake kiko kama mita moja na nusu juu, na nyasi ndizo zinazotoa mionzi angani, kwa hiyo zinapoa kuliko hewa iliyo kifuani pa mtu.

Hilo la mita moja na nusu nililijifunza kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza Dodoma nilinunua kipimajoto cha juu na chini, kile chenye umbo la herufi U, ambacho kila upande una kijiti kidogo kinachosukumwa na zebaki na kubaki pale zebaki ilipofika mwisho. Nilikitundika kwenye ukuta wa matofali upande wa machweo. Kilinipa alasiri za nyuzi 37 na alfajiri za 17, na kwa wiki mbili niliamini kuwa nimehamia jangwani. Ukuta ule ulikuwa unapigwa na jua la jioni, na usiku ulikuwa unarudisha joto lake taratibu kwenye kipimajoto changu. Nilikuwa napima ukuta. Chombo kinatakiwa kukaa ndani ya sanduku jeupe lenye mbao za mpasuo zinazopitisha hewa na kuzuia jua, mbali na ukuta, juu ya ardhi yenye nyasi. Nilipofanya hivyo, alasiri ilishuka hadi 27 na alfajiri ikawa 13.

Lipo kosa jingine la wanaoanza, la kalenda. Ukisoma kipimajoto saa tatu asubuhi, kama vituo vingi vinavyofanya, kiwango cha chini ni cha leo alfajiri, lakini cha juu ni cha jana alasiri. Ukiviandika vyote kwenye tarehe ya leo, siku ambayo mvua ilianza itaonekana kuwa na tofauti kubwa ajabu, maana umeoanisha jua la jana na mawingu ya leo.

Wajenzi wa zamani waliyasoma haya bila zebaki. Tembe la Wagogo lina kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa udongo. Joto linasafiri ndani ya udongo polepole: ukuta wa sentimita 30 hulichelewesha kwa muda wa kama saa kumi na kulipunguza hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Joto lililougonga ukuta nje saa tisa alasiri linafika ndani usiku wa manane, wakati ambapo nje kumepoa na mtu analihitaji. Baridi ya alfajiri nayo inafika ndani alasiri. Mpango huo unafanya kazi kwa sababu mchana na usiku viko mbali, na kuna baridi ya kweli ya kuweka akiba. Uchukue mpango huo huo hadi kijiji cha pwani na hautakupa kitu, kwa kuwa usiku wa nyuzi 24 hauna baridi ya kuweka akiba. Huko nyumba ya makuti, yenye uwazi kati ya ukuta na paa, inapitisha upepo na kuacha mwili upoe kwa jasho. Na bati, ambalo sasa limeezeka kila mahali, ni jembamba mno kuchelewesha chochote. Mchana linapasha chumba papo hapo. Usiku linatazama anga lote na kupoa kupita hewa yenyewe, ndiyo maana asubuhi ya masika hudondosha maji ndani ya nyumba ambayo mvua haikuigusa.

Zabibu pia zinajua. Mchana wa jua kali huzitengenezea sukari, na usiku wa baridi hupunguza upumuaji wao, kwa hiyo asidi inayozipa ladha haiteketei yote. Kituo cha utafiti cha Makutupora, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kimeshughulika na mizabibu kwa miaka mingi katika hali ya hewa hiyo hiyo.

Jirani yangu, mama wa makamo aliyehamia kutoka Tanga, alifuga vifaranga kwa namna aliyozoea kwao. Alikuwa akiwasha jiko la mkaa saa mbili usiku, analifunika majivu, analala. Tanga ilitosha. Dodoma, katika Julai yake ya kwanza, alikuta vifaranga kumi na saba wamekufa wamebanana pembeni asubuhi moja, na akadhani ni ugonjwa.

“Mwanangu, nimewachanja wote,” aliniambia. “Na jioni walikuwa wazima wanakula.”

Nilimpa kipimajoto changu kwa usiku mmoja, nikamwomba akisome kila akiamka. Saa mbili usiku bandani kilisoma 31. Saa sita, 27. Saa tisa, mkaa ukiwa umekufa, 21. Saa kumi na mbili asubuhi, 15. Kifaranga cha wiki ya kwanza anataka zaidi ya 30 muda wote.

“Kumbe wanakufa kunakucha,” alisema, “mie nikiwa nashukuru usiku umepita salama.”

Sasa ana majiko mawili, na la pili huliwasha nje saa nane usiku hadi moshi uishe, kisha huliingiza bandani saa tisa na kuacha tundu la hewa juu ya mlango. Hulitoa saa mbili asubuhi, jua likishapanda juu ya vilima na bati la banda likianza kulia kwa kutanuka.